Kabla ya Kununua Hisa: Soma Faida, Deni na Uwiano wa Bei kwa Faida

Wakaazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanakumbuka foleni za mwaka 2008. Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili mwaka huo, serikali iliuza robo ya hisa za Safaricom kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Watu walitoa akiba, wengine wakachukua mikopo ya benki, na sababu iliyosikika sana ni kuwa hisa ya shilingi 5 ni rahisi. Miaka minne baadaye, Aprili 2012, shirika la ndege la Kenya Airways, ambalo ndege zake hutua kila siku katika uwanja wa Moi kule Changamwe, liliwapa wenye hisa wake nafasi ya kununua hisa mpya kwa shilingi 14. Wapo waliosema shilingi 14 ni ghali ukilinganisha na 5, na wapo waliosema ni rahisi kwa kuwa hisa hiyo iliwahi kupita shilingi 100.

Pande zote mbili zilikosea kipimo. Bei ya hisa ikiwa peke yake haisemi kama hisa ni rahisi au ghali. Makala hii inaeleza mambo matatu ambayo mkaazi anaweza kuyasoma katika hesabu za kampuni kabla ya kutoa pesa: faida kwa kila hisa, uwiano wa bei kwa faida, na deni. Mfano mkuu ni huo wa Kenya Airways wa mwaka 2012, kwa sababu unaonyesha jinsi hesabu moja nzuri inavyoweza kumpoteza mtu akiisoma bila zile nyingine mbili.

Faida kwa kila hisa

Kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi inatakiwa kutangaza matokeo yake mara mbili kwa mwaka, ya nusu mwaka na ya mwaka mzima. Matokeo hayo huchapishwa magazetini na kuwekwa katika tovuti ya kampuni. Ukurasa huo huwa na tarakimu nyingi, lakini msomaji anaanza na mstari mmoja: faida baada ya kodi. Mauzo au mapato yaliyo juu ya ukurasa huwa makubwa na ya kuvutia, ila hizo ni pesa zilizoingia kabla ya mishahara, mafuta, riba na kodi kulipwa. Mwenye hisa hana haki yoyote juu ya mauzo. Chake ni kile kinachobaki chini kabisa.

Faida hiyo inagawanywa kwa idadi ya hisa zote za kampuni. Jibu ni faida kwa kila hisa, ambayo kwenye hesabu huandikwa kwa kifupi EPS. Kwa Safaricom, faida ya mwaka ulioisha Machi 2007, ambayo ndiyo iliyojulikana wakati hisa zikiuzwa, ilikuwa takriban shilingi bilioni 12. Hisa zote za kampuni zilikuwa bilioni 40. Kila hisa basi ilikuwa imezaa takriban senti 30 kwa mwaka.

Uwiano wa bei kwa faida

Sasa bei inagawanywa kwa faida ya hisa moja. Jibu ndilo uwiano wa bei kwa faida, unaoandikwa P/E:

```
P/E = bei ya hisa / faida kwa kila hisa
```

Shilingi 5 ukigawanya kwa senti 30 unapata karibu 17. Maana yake ni kuwa mnunuzi alilipa faida ya miaka 17 kwa mkupuo mmoja, kama faida ingebaki pale pale. Ukiigeuza hesabu, kwa kila shilingi 100 aliyoweka, kampuni ilikuwa ikimzalishia takriban shilingi 6 kwa mwaka. Nyingine hugawanywa kama gawio, nyingine hubaki ndani ya kampuni. Uwiano wa 17 si kosa. Mtu hukubali kulipa hivyo akiamini faida itakua. Lakini ulikuwa na maana kuwa hisa ya shilingi 5 haikuwa ya kuokota.

Faida ya Safaricom ilikuja kukua kweli, lakini si mara moja. Hisa ilishuka chini ya shilingi 3 mwaka 2009. Aliyekuwa na akiba aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo alilipa riba kila mwezi huku hisa ikiwa chini ya bei aliyonunulia, na wengi wa aina hiyo waliuza kwa hasara.

Kenya Airways, Aprili 2012

Turudi kwa Kenya Airways. Mwaka wa hesabu wa shirika hilo wakati huo uliishia Machi. Katika mwaka ulioisha Machi 2011, lilipata faida ya takriban shilingi bilioni 3.5. Hisa zake zilikuwa takriban milioni 462. Ukigawanya, kila hisa ilizaa zaidi ya shilingi 7 na senti 60. Hisa mpya ziliuzwa kwa shilingi 14. Shilingi 14 kwa shilingi 7.60 ni uwiano usiofika 2.

Mtu aliyefanya hesabu hiyo angeshangaa. Safaricom iliuzwa kwa faida ya karibu miaka 17, na hapa shirika la ndege la taifa linauzwa kwa faida isiyofika miaka miwili. Kwa kipimo hicho, hisa ya shilingi 14 ilikuwa rahisi kuliko ile ya shilingi 5 mara nane na zaidi. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na mashimo mawili, na yote mawili yangeonekana kwa mtu mwenye karatasi na kikokotoo.

Shimo la kwanza ni idadi ya hisa. Shirika lilikuwa likiuza hisa mpya 16 kwa kila hisa 5 zilizokuwepo. Kwa mpango huo, aliyekuwa na keki iliyokatwa vipande 5 sasa anaiona ikikatwa vipande 21. Kama hisa zote mpya zingenunuliwa, hisa milioni 462 zingekuwa takriban bilioni 1.94. Faida ile ile ya bilioni 3.5 ukiigawanya kwa bilioni 1.94 unapata shilingi 1 na senti 80 hivi kwa kila hisa. Sasa shilingi 14 kwa shilingi 1.80 ni uwiano unaokaribia 8. Hisa bado inaonekana ya bei nafuu, lakini si ya muujiza tena.

Shimo la pili ni kuutegemea mwaka mmoja. Biashara ya ndege hupanda na kushuka na bei ya mafuta, utalii na thamani ya shilingi. Miaka minne iliyotangulia ilionyesha hivyo waziwazi. Mwaka ulioisha Machi 2008 shirika lilipata faida ya takriban bilioni 3.9. Mwaka 2009 lilipata hasara ya takriban bilioni 4.1, sababu kubwa ikiwa mikataba ya kununua mafuta kwa bei iliyofungwa mapema, kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Mwaka 2010 lilirudi kwenye faida ya bilioni 2, na 2011 bilioni 3.5.

Ukijumlisha miaka hiyo minne, ukitoa hasara, unabaki na bilioni 5.3. Gawanya kwa nne, wastani ni takriban bilioni 1.3 kwa mwaka. Gawanya kwa hisa bilioni 1.94, kila hisa inapata chini kidogo ya senti 70. Sasa shilingi 14 inatoa uwiano wa takriban 20. Kampuni ni ile ile, bei ni ile ile, na siku ni ile ile, lakini uwiano umetoka chini ya 2 hadi 20. Kwa biashara isiyotabirika, 20 ni bei ghali.

Hapa ndipo funzo la kwanza lilipo. Uwiano mdogo sana si habari njema peke yake. Mara nyingi soko linasema kwamba faida ya mwaka jana haitarudi. Mkaazi anayeona uwiano wa 2 au 3 aanze kuuliza ni kwa nini wenye hisa hizo wako tayari kuziuza kwa bei hiyo.

Juni 2012 jibu lilianza kuonekana. Faida ya mwaka ulioisha Machi 2012 ilikuwa takriban shilingi bilioni 1.7, chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Hisa mpya zenyewe zilinunuliwa kwa asilimia 70 tu, na shirika likapata takriban bilioni 14.5 badala ya bilioni 20.7 lililokusudia. Mwaka uliofuata kulikuwa na hasara ya karibu bilioni 7.9. Kampuni yenye hasara haina uwiano wa bei kwa faida kabisa, kwa kuwa hakuna faida ya kugawanyia. Magazeti huweka kistari mahali pake.

Deni

Uwiano wa bei kwa faida una upofu mmoja: hauoni deni. Kampuni mbili zinaweza kuwa na uwiano ule ule, moja ikiwa haidaiwi na nyingine ikiwa imejaa mikopo.

Chukua mfano wa tuktuk mbili za Likoni. Kila moja, baada ya mafuta na matengenezo, humbakishia mwenyewe shilingi 1,500 kwa siku. Ya kwanza imelipwa yote. Ya pili inalipiwa mkopo wa shilingi 1,100 kila siku. Siku nzuri, wa kwanza anakwenda nyumbani na 1,500, wa pili na 400, na wote wana faida. Ije siku ya mvua, kila tuktuk ibakishe 1,000. Wa kwanza amepungukiwa lakini amekula. Wa pili hana chakula na anadaiwa shilingi 100. Biashara yao ilishuka sawa, theluthi moja. Aliyeumia ni mwenye deni.

Kampuni ni vivyo hivyo, na kuna mahali pawili pa kutazama. Pa kwanza ni kwenye hesabu ya faida: msomaji atafute faida ya uendeshaji, yaani inayobaki kabla ya riba na kodi, kisha atafute riba iliyolipwa. Agawanye ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa 5, kampuni inaweza kulipa riba yake mara tano, na ina nafasi ya kupumua. Likiwa chini ya 2, mwaka mmoja mbaya unatosha kuifikisha pabaya. Likiwa chini ya 1, faida ya uendeshaji haitoshi kulipa riba.

Pa pili ni kwenye mizania, ukurasa unaoonyesha mali, madeni na mtaji wa wenye hisa. Mtaji ni kile ambacho kingebaki kama mali zote zingehesabiwa kwa thamani iliyoandikwa na madeni yote yakalipwa. Msomaji alinganishe mikopo na mtaji. Mikopo ikizidi mtaji mara mbili au tatu, wenye kampuni hasa ni benki. Na mtaji ukiwa na alama ya kutoa mbele yake, au umefungwa kwa mabano, maana yake madeni yamepita mali. Hapo mwenye hisa hana kitu ndani ya kampuni isipokuwa matumaini.

Kenya Airways ilikuwa na mpango wa miaka kumi wa kupanua safari zake, uliopewa jina la Mradi Mawingu, na pesa za hisa mpya za 2012 zilikuwa sehemu ya kuugharimia. Ndege kubwa za Boeing 787 zilianza kufika mwaka 2014, zikiwa zimenunuliwa kwa mikopo mikubwa ya dola. Mwaka huo huo mambo yaligeuka: tahadhari za usalama zilipunguza watalii, jambo ambalo hoteli za pwani zinalikumbuka vizuri, na ugonjwa wa Ebola ulisimamisha baadhi ya safari za Afrika Magharibi. Ndege zilikuwa zimeshafika, na mikopo ilidaiwa ziwe na abiria au zisiwe nao.

Kisha shilingi ikadhoofika. Dola moja ilitoka takriban shilingi 87 katikati ya 2014 hadi zaidi ya 100 mwaka 2015. Deni la dola milioni moja, lililokuwa shilingi milioni 87, likawa zaidi ya milioni 100 bila kampuni kukopa senti ya ziada. Kwa sababu hiyo, haitoshi kujua deni ni kubwa kiasi gani. Ni lazima kujua ni la sarafu gani, na kama kampuni inaingiza pesa za sarafu hiyo. Jambo hili huandikwa katika maelezo yanayofuata baada ya mizania ndani ya ripoti ya mwaka.

Hasara ya mwaka ulioisha Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na ya 2016 bilioni 26.2. Mtaji wa wenye hisa ulikuwa umekwisha na kuwa hasi. Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya: sehemu ya deni la serikali na la benki za humu nchini iligeuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, na kampuni iliyoundwa na benki hizo ikawa na asilimia 38.1. Wenye hisa wadogo, waliokuwa na zaidi ya asilimia 40 ya shirika, walibaki na chini ya asilimia 3. Shirika halikufungwa na ndege ziliendelea kuruka, lakini lilikuwa mali ya watu wengine. Wanaodai hulipwa kwanza, na mwenye hisa hupata kilichobaki.

Mfano huo haujazeeka

Julai 2020 uuzaji wa hisa za Kenya Airways ulisimamishwa, na haukufunguliwa tena hadi Januari 2025. Aliyekuwa nazo hakuweza kuziuza sokoni kwa miaka minne na nusu. Baadaye shirika likatangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza katika zaidi ya miaka kumi, sawa na takriban senti 93 kwa kila hisa. Mtu aliyenunua kwa shilingi 5 angepata uwiano wa kati ya 5 na 6, na pengine angesema hisa ni rahisi.

Lakini mizania ya mwaka huo huo ilionyesha mtaji hasi wa zaidi ya shilingi bilioni 100. Tena, 2024 ndio mwaka shilingi ilipopata nguvu dhidi ya dola, na hali hiyo hupunguza deni la kigeni kwenye vitabu na kuongeza faida bila abiria hata mmoja kuongezeka. Nusu ya kwanza ya 2025 ilileta hasara ya takriban bilioni 12, baada ya baadhi ya ndege zake kubwa kukosa kuruka. Aliyesoma faida ya 2024 peke yake aliona kampuni moja, na aliyesoma mizania aliona nyingine.

Mipaka ya vipimo hivi

Uwiano wa bei kwa faida unalinganishwa na wa kampuni za biashara inayofanana. Benki kwa benki, saruji kwa saruji. Benki pia hazisomwi kwa kipimo cha deni kilichoelezwa hapa, kwa kuwa amana za wateja wake huhesabiwa kama madeni, na ni kawaida yawe mengi kupita mtaji. Kwa benki, kinachotazamwa zaidi ni mikopo isiyolipwa na wakopaji wake.

Vilevile hesabu zote hizi ni za jana. Ndiyo maana sheria za soko zinaitaka kampuni kutoa onyo mapema inapoona faida yake ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi. Onyo hilo huchapishwa gazetini, na mara nyingi ni tangazo dogo. Uwiano uliokokotolewa kwa faida ya mwaka jana hauna maana tena siku tangazo hilo linapotoka.

Karatasi ya kujaza kabla ya kununua

Mkaazi achukue ripoti za kampuni za miaka minne au mitano, azipate bure kwenye tovuti ya kampuni, kisha aandike:

1. Faida baada ya kodi ya kila mwaka, pamoja na miaka ya hasara, na wastani wake.
2. Idadi ya hisa zote, zikiwemo mpya zinazouzwa sasa.
3. Wastani wa faida kwa kila hisa, na bei ya leo ikigawanywa kwa wastani huo.
4. Faida ya uendeshaji ikigawanywa kwa riba.
5. Mikopo yote, sarafu yake, na mtaji wa wenye hisa. Mtaji ukiwa hasi, asimame hapo.
6. Sababu ya faida ya mwaka wa mwisho: mauzo ya kawaida, au mali iliyouzwa na mabadiliko ya sarafu.

Kazi hiyo huchukua jioni moja. Akishaikamilisha na bado anataka kununua, anafungua akaunti ya hisa kupitia dalali au benki iliyopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo huweka orodha ya wenye leseni hadharani. Anayeomba pesa za hisa zitumwe kwenye nambari yake binafsi ya simu, na jina la kampuni yake halimo katika orodha hiyo, asipewe pesa.